Kwetu hakuna, basi umetoka wapi? Jibu kutoka kwenye ganda la njegere

*"Mimi na mume wangu sote ni weusi wa kawaida. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka minne na rangi yake ni kama yetu. Wa pili ana miezi mitatu, amezaliwa na ualbino. Ukweni wanasema kwao hakuna kitu hicho tangu babu wa babu, kwa hiyo nimekuja nacho mimi. Lakini hata kwetu sijawahi kusikia. Shemeji yangu aliyesoma sayansi anasema ni mmoja kati ya wanne, na kwa kuwa huyo mmoja tumeshampata, wawili watakaofuata watakuwa salama. Ni kweli? Na yule wa kwanza, naye anao ndani?"*

Hongera kwa mtoto, dada yangu, na pole kwa maneno uliyoyabeba miezi hii mitatu. Nikupe majibu mafupi kwanza ili upumue, halafu tukae tuelewane yanakotoka. Ualbino wa mtoto wako umetoka kwenu wote wawili, nusu kwako na nusu kwa baba yake. Shemeji ana namba sahihi lakini ameielewa vibaya. Na mtoto wako wa kwanza huenda amebeba, ila hilo halimdhuru.

Mezani kwangu nina kopo la njegere kavu. Wazazi wakinijia na swali kama lako huwa nawamwagia punje chache kiganjani kabla sijasema lolote. Baadhi ni mviringo na laini kama gololi ndogo. Nyingine zimekunjamana kama ncha za vidole vilivyokaa majini muda mrefu. Zikiwa mbichi sokoni ni vigumu kuzitofautisha, maana zote zimejaa maji; tofauti hujitokeza zikikauka. Punje hizi ndizo alizozihesabu Gregor Mendel, mtawa wa Kiaugustino katika mji wa Brno, ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, kati ya mwaka 1856 na 1863. Naanza nazo kwa sababu zinajibu swali la ukweni mwako moja kwa moja.

Mendel alitaka kujua mmea wa punje laini ukizaa na mmea wa punje zilizokunjamana, watoto watakuwaje. Kwanza alitumia miaka miwili kuhakikisha mbegu zake ni safi, yaani za laini huzaa laini tu mwaka hadi mwaka, na zenye mikunjo huzaa zenye mikunjo tu. Kisha ikaja kazi ya mikono. Ua la njegere hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba, kwa hiyo ilibidi aliwahi. Alilifungua likiwa changa, akaondoa kwa koleo ndogo vile vijiti vya kiume vinavyobeba chavua, akaleta chavua ya mmea mwingine na kuipaka kwenye sehemu ya kike, kisha akalifunika ua kwa kijifuko ili wadudu wasilete chavua ya kigeni.

Hapa ndipo panapokuhusu wewe zaidi. Alifanya hivyo kwa pande zote mbili. Mara nyingine mmea wa laini ulikuwa mama na wenye mikunjo ulikuwa baba. Mara nyingine aligeuza. Matokeo yakawa yale yale: punje zote za kizazi cha kwanza zilikuwa laini, awe mama ndiye mwenye mikunjo au baba. Hapakuwa na upande unaopitisha zaidi ya mwingine. Sifa ile ya ulaini akaiita inayotawala, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana. Ile ya mikunjo ikawa sifa iliyojificha.

Ungekuwa wewe ndiye uliyezitazama punje zile za kizazi cha kwanza, ungesema mikunjo imekwisha. Mzazi wao mmoja alikuwa nayo, lakini watoto hawajui hata kama iliwahi kuwapo. Mwaka uliofuata Mendel alizipanda, akapata mimea 253, na safari hii akaiacha ijichavushe yenyewe. Alipopasua maganda alivuna punje 7,324. Laini zilikuwa 5,474. Zenye mikunjo zilikuwa 1,850, karibu robo kabisa. Nataka ulione ganda hilo kwa macho yako: ganda moja, mama mmoja, punje saba zimepangana kama shanga, tano laini, mbili zimekunjamana, na kila moja imeshikilia ukuta ule ule wa ganda. Hakuna aliyeleta mikunjo kutoka nje. Ilikuwa ndani ya mimea yenye punje laini muda wote.

Maelezo yake ni haya. Kila kiumbe cha namna yetu, njegere au binadamu, kina nakala mbili za kila agizo la urithi, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Agizo hilo ndilo tunaloliita jeni. Tuandike D kwa nakala inayotoa punje ya duara, na d kwa nakala iliyoharibika. Mmea wa laini ulio safi ni DD. Wenye mikunjo ni dd. Wakizaana, kila mzazi hutoa nakala moja tu, kwa hiyo watoto wote ni Dd, na wote ni laini kwa kuwa D moja inatosha. Sasa Dd akizaa na Dd, kila mmoja hutoa ama D ama d, kama kurusha sarafu. Mtoto anaweza kupata D kwa mama na D kwa baba. Au D kwa mama na d kwa baba. Au d kwa mama na D kwa baba. Au d kwa wote wawili. Ni njia nne zenye uzito sawa, na moja tu kati yake hutoa punje yenye mikunjo. Hiyo ndiyo robo ya shemeji yako.

Wewe na mume wako ni Dd wawili. Kila mmoja wenu amebeba nakala moja isiyofanya kazi bila kujua, kwa sababu ile nyingine inamtosha. Ndiyo maana ukweni wanaposema "kwetu hakuna" hawadanganyi, wanasema walichokiona. Nakala moja inaweza kupita kutoka kwa babu kwenda kwa mwana hadi kwa mjukuu kwa karne kadhaa bila kutokeza hata mara moja, mpaka ikutane na mwenzake. Na ili ikutane na mwenzake lazima itoke pande zote mbili. Zipo ajali za nadra sana ambapo mambo huwa tofauti, lakini karibu daima mtoto mwenye ualbino ana wazazi wawili waliompa nakala hiyo. Niliwahi kukaa na mama aliyeambiwa na mhudumu wa afya, mbele ya mumewe, kwamba "mambo haya hutoka kwa mama". Mume alirudi kwao na maneno hayo. Ilichukua miezi kuyaondoa. Ualbino wa mtoto peke yake si ushahidi wa jambo lolote baya juu ya mama.

Watu wengi wakisikia "sifa inayotawala" hudhani ni yenye nguvu, kwamba inaipiga na kuikandamiza ile nyingine, au kwamba damu ya upande mmoja ni kali kuliko ya upande mwingine. Sivyo. Mwaka 1990 watafiti wa Norwich, Uingereza, walifanikiwa kuona ndani ya jeni ile ya mikunjo. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachosaidia kugeuza sukari ya punje kuwa wanga. Katika nakala ya d kuna kipande cha ziada, herufi kama 800 za urithi, kilichojipachika katikati na kuliharibu agizo, kama ukurasa wa kitabu kingine ulioshonwa ndani ya kitabu cha mapishi. Punje yenye dd haina kimeng'enya hicho, sukari inabaki nyingi, sukari inavuta maji, punje inavimba kupita kiasi. Ikikauka maji yanatoka, na ganda lake lililokuwa limetanuka linabaki na mikunjo, kama shati lililo kubwa kuliko mwili. Hii ndiyo sababu njegere za namna hiyo ni tamu zaidi zikiliwa mbichi.

Na Dd? Ina nakala moja nzima, inatengeneza kimeng'enya kiasi, na kiasi hicho kinatosha punje kukauka ikiwa laini. Ukizichungulia chembe zake za wanga kwa hadubini utaona ziko kati ya za DD na za dd. Yaani d haikushindwa vita, wala haikulala. Haifanyi kazi tu, na pengo lake limezibwa. Kutawala, kwa mfano huu, maana yake ni kwamba nakala moja nzima inatosha.

Kwa ualbino ni hivyo hivyo. Seli za ngozi, nywele na macho hutengeneza rangi iitwayo melanini, na katika eneo letu jeni inayohusika mara nyingi zaidi inaitwa OCA2. Nakala moja nzima inatosha kutengeneza melanini ya kutosha, ndiyo maana wewe na mumeo hamna dalili yoyote. Wengi wa watu wenye ualbino Tanzania na nchi nyingine za kusini mwa Sahara wana hitilafu ile ile moja: kipande cha herufi zipatazo 2,700 kimekosekana mahali pale pale. Kufanana huko kunaonyesha kwamba kilikatika mara moja, kwa mtu mmoja wa zamani sana, na vizazi vyake vikakisambaza. Kwa hiyo ukweni wanapotaja babu wa babu, wajue kwamba nakala hii inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko ukoo wowote unaokumbukwa kwa majina.

Kutawala hakuna maana ya kuwa sifa ya wengi, wala kuwa sifa njema. Kidole cha sita mkononi mara nyingi hurithiwa kama sifa inayotawala, lakini watu wengi tuna vitano.

Sasa turudi kwa shemeji. Kosa lake hufanywa hata na wanafunzi wangu wazuri: amedhani robo ni mgao, kwamba familia ina sahani nne na moja imeshaliwa. Mendel mwenyewe aliona mapema kwamba haiendi hivyo. Zile punje 7,324 kwa jumla zilikaribia tatu kwa moja, lakini mmea mmoja mmoja ulifanya mambo yake. Mmoja ulitoa punje 43 laini na 2 tu zenye mikunjo. Mwingine, wa uzao ule ule, ulitoa 14 laini na 15 zenye mikunjo. Wote walikuwa Dd. Uwiano wa robo unaonekana kwenye debe, haulazimiki kuonekana kwenye ganda moja, na familia ya binadamu ni ganda dogo sana.

Kila mimba ni sarafu mpya mbili, moja yako na moja ya mumeo, na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara ya mwisho. Mtoto wa tatu ana nafasi 1 kati ya 4, na wa nne vilevile. Chukua familia 16 zenye wazazi kama ninyi, kila moja ikipata watoto wawili zaidi. Kwa wastani 9 hazitapata mwenye ualbino kati ya hao wawili, 6 zitampata mmoja, na 1 itapata wote wawili. Kwa hiyo ahadi ya shemeji si salama, lakini hata hofu kwamba "sasa watatoka wote hivi" haina msingi.

Kuhusu mtoto wako wa kwanza, wengi husema nafasi ya kubeba ni nusu. Hesabu yenyewe ni theluthi mbili, na hapa pia punje zinatusaidia. Ukitazama zile njia nne, moja ni dd, na mtoto huyo tunajua siye, kwa kuwa rangi yake ni kama yenu. Zinabaki tatu: moja ni DD, mbili ni Dd. Mendel alilithibitisha kwa kupanda. Alichukua mimea 565 iliyoota kutoka punje laini za kizazi kile cha pili, zote zikifanana kwa macho, akaiacha izae. Mimea 193 ilitoa laini tupu. Mimea 372 ilitoa mchanganyiko, yaani ilikuwa imebeba mikunjo kimyakimya. Hiyo ni karibu theluthi mbili.

Kwa mwanao maana yake ni ndogo kuliko inavyosikika. Hata akiwa amebeba, ngozi na macho yake hayana shida yoyote. Jambo hilo litamhusu siku akitaka kuzaa, na hata hapo linategemea mwenzake. Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, na ukipiga hesabu kutoka hapo unapata kwamba karibu mtu 1 kati ya 19 amebeba nakala moja. Unganisha yote, theluthi mbili zake, mmoja kati ya 19 wa mwenzake, na robo, utaona nafasi ya kila mtoto wake kuwa na ualbino ni kama 1 kati ya 114. Akioa ndani ya ukoo, binamu kwa mfano, nafasi hupanda, kwa sababu binamu wanaweza kuwa wamerithi nakala ile ile kwa babu mmoja. Na huyu mdogo mwenye ualbino, akikua akaoana na mtu asiyebeba, watoto wake wote watakuwa wabebaji na hakuna atakayekuwa na ualbino. Akioana na mbebaji, kila mtoto atakuwa na nafasi ya nusu.

Lazima niseme pia mfano huu unapoishia, maana ukishauelewa vizuri utajaribiwa kuutumia kila mahali. Rangi ya kawaida ya ngozi, kwamba huyu ni maji ya kunde na yule mweusi zaidi, haiongozwi na jeni moja. Ni nyingi zinazojumlishana, na hazigawanyiki tatu kwa moja. Kimo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ukweni wakikumbuka shangazi yako aliyekuwa mweupe, huyo hathibitishi chochote. Hata ualbino wenyewe una jeni zaidi ya moja. Watu wawili wenye ualbino wa jeni tofauti wanaweza kuzaa watoto wenye rangi ya kawaida, kwa kuwa kila mmoja anampa mtoto nakala nzima ya kile ambacho mwenzake hana.

Je, mpime? Kipimo cha kuona kama mtu amebeba nakala hii kipo, lakini si cha kawaida kwenye hospitali zetu nyingi. Kwako na mumeo hakitaongeza kitu, maana mtoto ameshatoa jibu: nyote mmebeba. Kwa mtoto wa kwanza nakushauri usubiri akue aamue mwenyewe. Fedha hizo bora ziende kwingine. Selimundu, ambayo hufuata hesabu hii hii ya Dd na Dd, ina kipimo rahisi cha damu na inafaa familia yoyote ya huku kwetu kukijua kabla ya kuzaa. Ama uamuzi wa kuongeza mtoto, huo ni wenu wawili. Mimi naweza kuwapa ile robo tu. Nimeona wazazi walioiona kuwa kubwa wakaishia hapo, na wengine walioiona kuwa ndogo wakaendelea, na sikuona waliokosea.

Yanayohitaji hospitali sasa hivi ni ya huyu wa miezi mitatu. Mpeleke kliniki ya macho hata kama unaona anakutazama vizuri. Karibu watoto wote wenye ualbino huwa na uoni hafifu, na pengine umeshaona macho yake yakichezacheza yenyewe. Daktari wa macho atakuambia miwani ianze lini na shuleni akae wapi. Mpeleke pia kwa daktari wa ngozi. KCMC Moshi, kwenye kituo cha ngozi, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa hiyo uliza kliniki iliyo karibu nawe kama inayapata. Kwa umri wake kinga kubwa ni kivuli, nguo za mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana, na usimwanike kwenye jua la asubuhi kama ulivyoshauriwa kwa yule wa kwanza. Ukiona anavilia damu kirahisi bila kuanguka, pua inatoka damu mara kwa mara, au anaugua maambukizi makali yanayojirudia, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna aina chache za ualbino zinazogusa damu na kinga ya mwili.

Na ukienda, nenda na mume wako. Ukiweza nenda na mama mkwe pia, na mfukoni weka njegere kavu chache.